9.78 na raba

Jibu lilikuwa limeshaandikwa kwa penseli chini ya ukurasa: 9.78. Nikageuka kumsaidia mwenzake kufunga uzi, na niliporudi nikamkuta binti yule wa kidato cha tatu ameshika raba, anafuta taratibu, huku akipuliza vumbi lake kwenye karatasi.

"Mwanangu, mbona wafuta?"

"Nimekosea, mwalimu. Kitabu chasema 9.81."

Tulikuwa kwenye chumba cha tuisheni, Kisauni, Mombasa, alasiri ya joto, tukipima mvuto wa dunia kwa pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, pangaboi limezimwa kwa sababu upepo wake unauyumbisha uzi, na sote tunatokwa na jasho. Nilimwambia aache. Akaacha. Halafu akaniuliza swali lililonikaa kichwani wiki kadhaa:

"Kwa hivyo 9.78 ndiyo sawa?"

Sikuweza kumjibu ndiyo, na sikuweza kumjibu la.

## Kitabu kilipimiwa wapi?

Tuanze na hiyo 9.81. Ni g, yaani kasi ambayo mvuto wa dunia hukiongezea kitu kinachoanguka kila sekunde, na hailingani kila mahali. Dunia inazunguka, tena imetuna kiunoni: kutoka kitovuni mpaka ikweta ni kama kilomita 6,378, na mpaka ncha ni kama kilomita 6,357. Anayesimama karibu na ikweta yuko mbali kidogo zaidi na kitovu, na mzunguko wenyewe unampunguzia mvuto. Ukipima London au Paris utapata karibu 9.81 m/s². Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, usawa wa bahari, na fomula inayofuata umbo na mzunguko wa dunia inatoa 9.78. Ile 9.80665 unayoiona kwenye vikokotoo ni thamani ya makubaliano, iliyopitishwa mwaka 1901 ili watu wawe na namba moja ya kufanyia hesabu. Hakuna aliyeipima Mji wa Kale.

Jambo hili liligunduliwa kwa pendulamu yenyewe. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alisafiri kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, digrii 5 hivi kaskazini mwa ikweta, karibu sawa na umbali wetu sisi upande wa pili. Saa yake ya pendulamu, iliyokuwa ikienda vizuri Paris, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Ilimbidi afupishe pendulamu kwa karibu milimita 3 ndipo saa ikakaa sawa.

Kwa hiyo namba ya binti yule ilikuwa na haki ya kuwa vile ilivyo. Lakini haki ya kuwa vile haithibitishi kuwa ndivyo. Tofauti ya 9.78 na 9.81 ni 0.03, yaani asilimia 0.3. Je, uzi, timazi la fundi mwashi na simu ya mkononi vinaweza kuona asilimia 0.3?

Hapo ndipo mashaka yanapoingia, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea, na nayo huhesabiwa kama kitu kingine chochote.

## Dole gumba

Pendulamu yetu ilikuwa timazi la shaba lililoning'inia kwa mshipi wa kuvulia samaki kutoka kwenye boriti. Urefu, kutoka pale mshipi ulipobanwa mpaka katikati ya timazi, uliandikwa sentimita 98.5. Bembeo moja ni kwenda na kurudi, na kwa urefu huo huchukua karibu sekunde mbili; muda huo ndio kipindi.

Simu inaonyesha sekunde kwa sehemu za mia. Wanafunzi wakiziona hizo tarakimu mbili baada ya nukta huamini kwamba wamepima kwa usahihi huo. Simu kweli inajua. Dole gumba halijui. Ukimpa mtu apime muda uleule mara kadhaa, majibu yatatawanyika kwa karibu sehemu saba za mia za sekunde, wengine zaidi. Ukipima bembeo moja tu, hiyo 0.07 inakaa juu ya sekunde 2, nayo ni asilimia 3.5. Ukipima mabembeo 20 kwa mkupuo mmoja, dole linabonyeza mara mbili zilezile, mwanzo na mwisho, na 0.07 ile sasa inagawanywa juu ya sekunde 40.

Hii ndiyo sababu yote ya kuhesabu mabembeo mengi. Pendulamu haikosei kati ya bembeo la tatu na la nne. Anayekosea ni wewe, na wewe unagusa simu mara mbili tu.

Vipimo vyao vya mabembeo 20 vilikuwa hivi:

```
39.84   39.95   39.81   39.97   39.88   (sekunde)
wastani = 39.89
```

Kila kipimo kimeachana na wastani kwa kiasi chake. Ukichukua hizo tofauti, ukazipandisha kipeo cha pili, ukazijumlisha, ukagawa kwa 4 na kutafuta kipeuo cha pili, unapata 0.07. Huo ndio mtawanyiko wa kipimo kimoja. Wastani wa vipimo vitano umetulia zaidi kuliko kipimo kimoja, kwa hiyo unagawa tena kwa kipeuo cha pili cha 5, unabaki na 0.03. Basi mabembeo 20 ni sekunde 39.89, jumlisha au toa 0.03. Bembeo moja ni 1.9945, na mashaka yake nayo yanagawanywa kwa 20: 0.0015.

Wengi hugawa wastani kwa 20 wakasahau kuyagawa mashaka. Ukifanya hivyo umeitupa faida yote uliyoitolea jasho.

Sasa swali gumu zaidi. Itakuwaje ikiwa dole linakosea upande mmoja kila mara?

Tuseme mwenye simu ndiye anayeliachia timazi. Anaachia na kubonyeza kwa pamoja, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeamua lini. Mwisho wa bembeo la ishirini inambidi aone, kisha abonyeze, na hapo anachelewa. Tuseme anachelewa sekunde 0.15. Kosa hilo halitaonekana kwenye mtawanyiko hata kidogo, kwa sababu vipimo vyote vimebeba mzigo uleule. Rudia mara mia, wastani utabaki umekosea kwa 0.15, na g itashuka kwa karibu 0.07. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya tofauti tunayoitafuta.

Dawa ya kwanza ni kuacha timazi libembee kidogo kabla ya kuanza kuhesabu, ili mwanzo na mwisho vyote viwe vya kuona-na-kubonyeza. Ucheleweshaji unajitoa wenyewe. Hesabu ianze na "sifuri", isianze na "moja". Ukianza na moja umepima mabembeo 19 ukadhani ni 20, na g itatoka karibu 10.84. Nikiona daftari lenye 10.8 hata sisomi hesabu, nauliza tu walianzaje kuhesabu.

Dawa ya pili ni mahali pa kutazama. Watoto hupenda kubonyeza timazi linapofika mwisho wa upande, kwa kuwa hapo linaonekana kama limesimama. Lakini hapo ndipo pabaya. Kwa bembeo la upana wa sentimita 8.6 kila upande, timazi letu linatumia karibu sekunde 0.1 ndani ya milimita moja ya mwisho. Pale chini katikati, milimita hiyohiyo inapitwa kwa sekunde 0.004. Tuliweka alama ya chaki ukutani nyuma ya mshipi, na kila aliyepima alibonyeza mshipi ulipokata alama ukielekea kulia.

Ukitaka kumkamata anayechelewa, mwambie apime mabembeo 10, kisha 50. Mwenye kuchelewa 0.15 atapata 20.09 na 99.85. Ukigawa, kipimo cha kwanza kinatoa bembeo la 2.009 na cha pili la 1.997. Pendulamu moja haiwezi kuwa na vipindi viwili. Toa kimoja kwenye kingine, gawa kwa mabembeo 40 ya katikati, unapata 1.994, na dole limetoka kwenye hesabu.

## Ile mbili

Tukiita urefu L, kipindi T, na mashaka ya kila kimoja Δ, g inapatikana hivi, na mashaka yake hivi:

```
g = 4π²L / T²

(Δg/g)² = (ΔL/L)² + (2·ΔT/T)²
```

Swali ambalo huulizwa kila mwaka ni hiyo 2 imetoka wapi. Jaribu kwa namba. Ongeza T kwa asilimia 1, kutoka 2.00 hadi 2.02. T kipeo cha pili inatoka 4.00 hadi 4.08, imepanda asilimia 2. Kwa kuwa T² iko chini, g imeshuka karibu asilimia 2. Kosa la muda linaingia mara mbili kwa sababu muda wenyewe umeingia mara mbili. Urefu umeingia mara moja, basi kosa lake linapita kama lilivyo.

Saa ya Richer inatii kanuni hiyohiyo. Dakika mbili na nusu kwa siku ni sekunde 150 katika 86,400, yaani asilimia 0.17. Zidisha kwa mbili: asilimia 0.35. Ipunguze 9.81 kwa kiasi hicho na unatua 9.78 bila kupima kitu.

Kwa upande wetu, 0.0015 juu ya 1.9945 ni asilimia 0.075. Mara mbili, asilimia 0.15.

## Katikati ya timazi ni wapi?

Nilipofika kwenye urefu ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tumehangaika na dole gumba huku tatizo kubwa likining'inia mbele yetu.

Kipimo kilikuwa 98.5. Mpaka wapi? Fomula inataka urefu mpaka kitovu cha uzito. Gololi ingekuwa rahisi, kitovu kiko katikati yake. Timazi la mwashi ni pana juu na limechongoka chini, kwa hiyo kitovu chake kiko juu ya katikati ya urefu wake. Wanafunzi watatu waliokadiria kwa macho walitofautiana milimita nne. Juu nako mshipi ulikuwa umefungwa kwa fundo kwenye msumari, na haieleweki unapinda kuanzia ukingo wa msumari au chini ya fundo. Mshipi wa nailoni nao hurefuka ukibeba uzito, basi aliyeupima ukiwa mezani kabla ya kutundika timazi amepima uzi mwingine kabisa.

Hata futi ya chuma ina lake. Kile kikulabu cha mwanzo kinacheza, na kimetengenezwa kicheze, ili kifidie unene wake unapokivuta au kukisukuma. Kikichakaa kinacheza zaidi ya inavyotakiwa. Mafundi huanza kupima kwenye alama ya 10 kisha wakatoa 10. Ni njia nzuri, ilimradi ukumbuke kutoa.

Kwa haya yote sikuweza kukubali mashaka ya chini ya milimita 2. Hizo ni asilimia 0.20 ya urefu wetu, kubwa kuliko asilimia 0.15 ya muda.

Sasa zijumlishe. Mtu wa haraka ataziongeza moja kwa moja apate 0.35. Lakini kosa la dole na kosa la futi hayajuani. Siku nyingine yatavuta upande mmoja, siku nyingine yatavutana. Ndiyo maana tunajumlisha vipeo vyake vya pili: 0.0225 na 0.04 ni 0.0625, na kipeuo cha pili ni 0.25. Asilimia 0.25 ya 9.78 ni 0.024.

g = 9.78 ± 0.02.

## Jibu zuri kwa njia mbaya

Kabla sijamwita binti yule, kitu kimoja kilinitia wasiwasi zaidi. Fomula ya pendulamu ni ya bembeo dogo. Bembeo likiwa pana, kipindi hurefuka, na g inayotoka hushuka. Kwa digrii 5, g inashuka kwa karibu 0.01. Kwa digrii 10 inashuka kwa karibu 0.04. Kwa digrii 20 imeshashuka asilimia 1.5.

Angalia hiyo ya digrii 10. Mwanafunzi wa London anayevuta timazi lake kwa digrii 10 atapata 9.77 na ataonekana kama yuko Mombasa. Nasi tungeweza kupata 9.78 yetu kwa bahati tu, makosa mawili yakifutana: urefu umezidi kidogo, bembeo limekuwa pana kidogo.

Pembe ilikuwa imeandikwa "ndogo". Ndogo kiasi gani? Kwa urefu wetu, digrii 5 ni kuvuta sentimita 8.6 kando, na digrii 10 ni sentimita 17. Hilo hupimwa kwa rula, halihitaji kifaa cha pembe. Bahati nzuri kwenye ukuta ilikuwepo alama nyingine ya chaki, pale walipokuwa wakiachia timazi, karibu sentimita 8 kutoka ile ya katikati. Kosa la pembe lilikuwa chini ya 0.01, na bembeo lilizidi kupungua kadiri lilivyoendelea. Nikalala.

## Je, 9.81 imekataliwa?

Hapana.

Hilo ndilo jibu nililompa alipokuja tena, na halikumfurahisha. 9.78 ± 0.02 haimaanishi kwamba ukweli umefungiwa kati ya 9.76 na 9.80. Kwa mashaka yaliyohesabiwa kwa njia hii, karibu jaribio moja katika matatu huangukia nje ya mpaka wake bila mtu yeyote kukosea. 9.81 iko mbali nasi kwa 0.03, zaidi kidogo tu ya mashaka yetu mara moja. Data yake inakubaliana na Mombasa, na bado haijaweza kuikana London.

"Sasa, mwalimu, tutafanyaje ili ikatae?"

Swali hilo sasa lina jibu la hesabu, kwa sababu tunajua kila kosa lina ukubwa gani. Tukihesabu mabembeo 50 badala ya 20, upande wa muda unashuka kutoka asilimia 0.15 hadi 0.06. Lakini tukiacha urefu ulivyo, jumla inabaki asilimia 0.21. Tumechoka bure. Tukishughulikia urefu peke yake, tukaufikisha milimita 1, jumla ni 0.18. Tukifanya yote mawili inashuka hadi asilimia 0.12, na mashaka ya g yanakuwa 0.012. Hapo 9.81 inakuwa mbali kwa zaidi ya mara mbili ya mashaka, na mtu anaweza kuanza kusema jambo.

Kitovu cha timazi tulikipata kwa kulilaza juu ya ukingo wa kisu cha jikoni mpaka likatulia bila kuangukia upande, kisha tukapiga alama kwa kalamu. Juu tumeacha fundo, sasa mshipi unabanwa kati ya vipande viwili vya mbao vyenye ukingo mkali, na urefu unapimwa timazi likiwa limeshatundikwa.

Kuna njia nyingine inayokwepa kabisa kutafuta kitovu. Pima urefu miwili kwa mshipi uleule na timazi lilelile, tuseme sentimita 120 na 40, mpaka alama yoyote uliyoichagua juu ya timazi. Kisha:

```
g = 4π²(L1 − L2) / (T1² − T2²)
```

Ukikosea kitovu kwa milimita 3, umekosea zote mbili kwa milimita 3, na ukitoa zinafutana. Ndiyo sababu mitihani hutaka uchore T² dhidi ya urefu na uchukue mwinamo wa mstari: mwinamo haujali mstari unaanzia wapi. Bei yake ni kwamba mashaka ya milimita 1 kwa kila urefu sasa yanakaa juu ya sentimita 80 za tofauti, si juu ya 98.5, na yapo mawili badala ya moja. Kwa hesabu yangu hiyo peke yake inafika asilimia 0.18. Kosa la kudumu limeondoka, la kutawanyika limeongezeka.

Urefu wa sentimita 120 tumeshaupima. Ule wa 40 bado. Bembeo lake litakuwa la sekunde 1.27 tu, la haraka, na binti yule ameshasema kwamba safari hii atakayebonyeza simu hatakuwa yule anayehesabu.